Wastani wetu ni 420,000 lakini wengi hawafikii hata nusu: hesabu imekosea wapi?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha hisa cha watu 15 hapa Kibaigwa, wengi wetu tunafanya shughuli zetu sokoni. Kabla ya kuanza mzunguko mpya kila mtu aliandika mapato yake ya mwezi. Nilijumlisha, nikagawa kwa 15, nikapata wastani wa shilingi 420,000. Mwenyekiti akapendekeza kila mtu aweke asilimia 10 ya hiyo, yaani 42,000 kwa mwezi. Sasa wenzangu wananijia juu, wanasema nimepika hesabu, maana watu 10 hawafikii hata nusu ya huo wastani. Nimerudia hesabu, jibu ni lile lile. Binti yangu aliye sekondari anasema kuna mediani na modi pia. Ipi ndiyo ya kweli, na kiwango tukipange kwa kutumia ipi? Orodha nimeambatanisha, bila majina."*

Ndugu katibu, hujapika hesabu. Nimeijumlisha upya orodha yako na jumla ni 6,300,000, na ukigawa kwa 15 unapata 420,000 kamili. Wenzako nao hawakusingizii. Hao 10 wako chini ya nusu ya wastani kama ulivyosema, na ukihesabu wote walio chini ya wastani wenyewe unapata 13. Waliouvuka ni wawili tu katika kikundi kizima. Yote hayo ni kweli kwa wakati mmoja. Kilichowagombanisha ni kuichukua 420,000 kama kipato cha mwanachama wa kawaida wa kikundi chenu, na wastani haupimi hicho.

Nimeyapanga mapato kutoka dogo hadi kubwa ili tuyaone vizuri. Kwa maelfu ya shilingi, yanakwenda hivi: 90, 100, 120, 120, 120, 120, 150, 180, 180, 200, 220, 250, 300, 650 na 3,500. Yatazame kwa utulivu kabla ya kufanya hesabu yoyote. Watu 13 wamebanana kati ya 90,000 na 300,000, wa 14 amejitenga kidogo, na wa 15 yuko mbali kabisa na wenzake. Umbo hilo ndilo linaloamua kipimo kipi kitakusaidia na kipi kitakupoteza. Kwenye mapato, iwe kijiji, mji au nchi nzima, karibu kila mara utakutana nalo. Chini ni nadra mtu kupata pungufu ya sifuri, lakini juu hakuna dari.

Wastani unajibu swali moja tu. Kama wanachama wote 15 wangemimina mapato yao ya mwezi ndani ya sanduku la kikundi, kisha mkagawana sawa kwa sawa, kila mmoja angeondoka na shilingi ngapi? Jibu ni 420,000. Lakini ninyi hamjamimina wala hamjagawana. Kila mtu amerudi nyumbani na cha kwake, na mwenye 3,500,000 bado anayo yote mfukoni.

Ukitaka kuona wastani unavyofanya kazi kwa ndani, chukua kila aliye juu ya 420,000 uone amezidi kwa kiasi gani. Mwenye 3,500,000 amezidi kwa 3,080,000, na mwenye 650,000 amezidi kwa 230,000. Jumla yao ni 3,310,000. Sasa chukua wale 13 walio chini, jumlisha kila mmoja anachopungukiwa ili afike 420,000. Utapata 3,310,000 ile ile. Si bahati, ndivyo wastani ulivyo: ziada ya walio juu lazima ilingane na upungufu wa walio chini. Wastani hauulizi ziada hiyo imetoka kwa watu wangapi. Shilingi zikiwa nyingi kwa mtu mmoja, huyo mmoja anatosha kuwalinganisha kumi na watatu. Kwa hiyo dhana kwamba nusu ya watu huwa juu ya wastani na nusu chini yake haina msingi. Inaweza kutokea, kama kwenye urefu wa watu wazima, lakini kwenye mapato ni nadra.

Mediani inahesabu vichwa, haihesabu shilingi. Ukishapanga mapato kutoka dogo hadi kubwa, mediani ni ya yule aliyesimama katikati. Katika watu 15 huyo ni wa nane, kwa sababu ana 7 nyuma yake na 7 mbele yake. Kwenye orodha yako wa nane ana 180,000. Mngekuwa 16, wangekuwapo wawili katikati, wa nane na wa tisa, na ungejumlisha mapato yao ukagawa kwa mbili. Mediani ndiyo inayokuruhusu kusema "angalau nusu yetu hawazidi 180,000", na sentensi hiyo hakuna atakayeipinga mkutanoni kwa sababu kila mtu anaweza kuihakiki kwa kuhesabu vidole.

Fanya jaribio moja mbele ya wenzako, litawafundisha kuliko maelezo yangu. Mwondoe kwa muda mwenye 3,500,000. Zinabaki 2,800,000 kwa watu 14, na wastani unashuka kutoka 420,000 hadi 200,000. Mtu mmoja ametoka chumbani na wastani umepoteza zaidi ya nusu yake, ingawa hakuna kati ya hao 14 aliyepungukiwa hata senti. Mediani je? Sasa katikati wako wenye 150,000 na 180,000, kwa hiyo mediani ni 165,000. Imesogea kwa 15,000 tu.

Naomba jaribio hilo lisieleweke kama ushauri wa kumfuta mwenzenu kwenye orodha. Wapo watu ambao wakiona namba kubwa inaharibu wastani wao huifuta kimya kimya, na huko ndiko kupika hesabu kweli. Namba hufutwa au kusahihishwa kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba imeandikwa vibaya. Hiyo 3,500,000 ninakusihi uihakiki kwa makini kabla ya mkutano, kwa njia mbili.

Kwanza, hakikisha hakuna sifuri iliyozidi. Kama aliandika 350,000 na mkono ukateleza, jumla yenu ni 3,150,000 na wastani ni 210,000, nusu kamili ya ule uliotangaza. Mediani ingebaki 180,000 vile vile, maana huyo mtu bado yuko upande wa juu wa katikati, awe na laki tatu na nusu au milioni tatu na nusu. Hii ndiyo sababu wanaokusanya takwimu za mapato hupenda kuweka wastani na mediani bega kwa bega. Wastani wako umezidi mediani zaidi ya mara mbili. Pengo la namna hiyo linakuambia ama kuna wachache wenye mapato makubwa sana, ama kuna kosa la kuandika, na kwa vyovyote urudi kuitazama orodha namba kwa namba.

Pili, na kwa soko kama la Kibaigwa naliona hili lina uwezekano mkubwa zaidi, muulize kama aliandika mauzo au faida. Mtu anayenunua mahindi kwa wakulima na kuyauza kwa wenye malori anaweza kushika mamilioni kwa mwezi, lakini sehemu kubwa ya fedha hizo ni za kununulia mzigo mwingine, magunia, usafiri, ushuru na kuwalipa wapakiaji. Mama lishe naye akiandika alichouza kwa siku bila kutoa mchele, mafuta na mkaa, amejiandikia kipato asichokuwa nacho. Wakati huohuo yule anayelipwa ujira kwa kuchekecha mahindi ameandika kinachoingia mfukoni hasa. Ukichanganya mauzo ya mmoja na ujira wa mwingine kwenye safu moja, hakuna kipimo kitakachokuokoa, hata mediani. Wakubaliane wote waandike kitu kimoja: kilichobaki baada ya kutoa gharama za kazi, kabla ya matumizi ya nyumbani.

Kuna na suala la mwezi wenyewe. Kama kati yenu wapo wakulima wa alizeti au mtama, fedha zao huja baada ya mavuno, na miezi ya masika wanaweza kuandika sifuri bila kudanganya. Kwao ni heri kuchukua mapato ya mwaka mzima mkayagawa kwa 12 kuliko kuuliza mwezi uliopita. Na ambaye kweli hakupata kitu aandikiwe 0, asiachiwe nafasi tupu. Nitakuambia sababu yake nikifika kwenye kupiga hesabu hizi kwa simu.

Modi nitaieleza kwa ufupi kwa sababu kwenye fedha ndiyo dhaifu kuliko zote. Modi ni thamani inayojirudia mara nyingi zaidi. Kwenu ni 120,000, wameiandika watu wanne. Inakupa habari nzuri kwa leo: kundi kubwa lenye kipato kimoja liko pale, na nadhani ukiwatazama utakuta wanafanya kazi ya aina moja kwa ujira mmoja. Lakini watu tukiulizwa mapato huwa tunazungusha namba. Angeandika mmoja 118,000, mwingine 123,000, mwingine 125,000, modi ingehamia 180,000 papo hapo, kwa kuwa ndiyo namba nyingine inayojirudia, na hali ya watu isingebadilika. Kwa mapato ni salama zaidi kuyaweka katika madaraja na kutazama daraja lenye watu wengi. Kwa madaraja ya laki moja moja, ninyi mna 8 kati ya 100,000 na 199,999, zaidi ya nusu ya kikundi. Modi inafaa hasa pale ambapo hakuna cha kujumlisha: kazi inayofanywa na wengi, siku ya mkutano inayopendwa na wengi, sababu ya mkopo inayotajwa na wengi. Wastani wa "mama lishe" na "bodaboda" haupo, ila modi ipo.

Umeniuliza ipi ndiyo ya kweli. Zote tatu ni za kweli, ila kila moja ina swali lake. Usiutupe wastani kwa hasira ya wiki hii. Ukitaka kujua fedha yote inayopita mikononi mwa wanachama, wastani mara 15 unakurudishia 6,300,000 kamili. Mediani mara 15 inakupa 2,700,000, ambayo haina maana yoyote. Kila swali linaloishia kwenye jumla, kama mahindi ya wanachama wote yatajaza malori mangapi au mkopo wote uliotolewa mwaka huu ni kiasi gani, linahitaji wastani. Swali linalohusu mtu mmoja mmoja ataweza nini linahitaji mediani, na mara nyingi linahitaji zaidi ya mediani. Kiwango cha michango ni swali la namna hiyo ya pili, na ndipo pendekezo la mwenyekiti lilipoteleza. Alichukua kipimo cha jumla akakitumia kupangia mtu mmoja mmoja.

Tazama 42,000 inavyowaangukia. Kwa mwenye 120,000 ni asilimia 35 ya kipato chake. Kwa mwenye 90,000 inakaribia asilimia 47, yaani karibu nusu ya anacholishia watoto. Kwa mwenye 3,500,000 ni asilimia 1.2. Kwenye karatasi iliitwa asilimia 10, lakini ukiondoa mmoja au wawili waliokaribia, hakuna inayemhusu hivyo.

Je, mkiweka asilimia 10 ya mediani, yaani 18,000, mtakuwa mmemaliza? Ni nafuu kubwa, lakini siwezi kukwambia imetosha. Mediani ina upofu wake. Haioni umbali wa walio chini. Wale sita wa mwanzo wenye 90,000 hadi 120,000 wangepata msiba wa mapato yao kukatika nusu, mediani yenu ingebaki 180,000 bila kutikisika. Kwa mwenye 90,000 hiyo 18,000 ni asilimia 20, bado ni mzigo. Unapopanga kiwango ambacho kila mtu lazima akifikie, namba ya kuitazama ni ile ya walio chini. Katika orodha ya watu 15, wa nne kutoka chini ndiye anayefunga robo ya kwanza, na kwenu ana 120,000. Muulize yeye na watatu walio nyuma yake wanaweza kuweka kiasi gani bila kuruka mkutano hata mmoja, na jibu lao ndilo liwe sakafu yenu.

Njia nyingine ni kila mtu kuweka asilimia 10 ya kipato chake mwenyewe. Inaonekana ya haki, na sanduku litapata 630,000 kwa mwezi, sawa na zile ambazo mwenyekiti alizipigia hesabu. Lakini 350,000 kati ya hizo zitatoka kwa mtu mmoja, zaidi ya nusu. Wakati wa mgao zaidi ya nusu ya sanduku itakuwa yake, na akiamua kujitoa katikati ya mzunguko mikopo ya wengine wote inayumba. Zaidi ya hapo, kila mtu atakuwa na sababu ya kuandika kipato kidogo mwaka ujao. Mimi nisingeichagua.

Ninachokipendelea ni kile ambacho vikundi vingi vya kuweka na kukopa hukifanya tayari: bei ya hisa iwe ndogo, na kila mwanachama anunue hisa 1 hadi 5 katika kila mkutano kulingana na uwezo wa wiki hiyo. Mkiweka hisa moja 2,000 na mkakutana kila wiki, wa chini kabisa ataweka 8,000 kwa wiki nne, kama asilimia 9 ya 90,000 zake, na wiki akipata zaidi atanunua mbili au tatu. Wa juu kabisa atafika 40,000 na kuishia hapo, kwa hiyo hawezi kulimeza sanduku. Gharama ya njia hii usiwafiche: sanduku litajaa polepole kuliko alivyotarajia mwenyekiti. Kwa wiki nne litakuwa kati ya 120,000, kama kila mtu atanunua hisa moja tu, na 600,000 kama wote watanunua tano, na miezi ya kwanza mikopo itabidi iwe midogo. Lakini fedha hizo zitakuwa zimeingia kweli, kuliko 630,000 iliyoandikwa kwenye daftari na nusu yake ikawa madeni na faini.

Kabla sijafika kwenye simu, niseme jambo moja la nchi nzima, kwa sababu naona wenzako wengi watakumbuka mjadala wa mwaka 2020. Julai mwaka huo Benki ya Dunia iliiweka Tanzania katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Pato la taifa kwa kila mtu kwa mwaka 2019 lilikuwa limefika dola 1,080, na mstari wa kuvuka ulikuwa dola 1,036. Watu wengi waligawa kwa 12, wakapata dola 90 kwa mwezi, wakauliza za kwao ziko wapi. Ni swali lile lile la kikundi chenu. Namba hiyo hupatikana kwa kuchukua pato lote la taifa, pamoja na faida za makampuni na thamani ya mazao ambayo mkulima ameyala mwenyewe bila kuyauza, na kuligawa kwa watu wote, mtoto mchanga akiwemo. Inafaa kulinganisha ukubwa wa uchumi wa nchi moja na nyingine, au wa nchi moja mwaka hadi mwaka. Haisemi Mtanzania wa katikati anapata nini, na wala haikutengenezwa ili iseme hivyo. Pato la taifa likikua kwa sababu mgodi mmoja umepata faida kubwa, pato kwa kila mtu litapanda hata kama Kibaigwa nzima haijaongeza gunia.

Ili kujua hali ya watu lazima uingie nyumbani kwao uhesabu vichwa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ambayo makao yake makuu yako hapa Dodoma, hufanya hivyo kwa Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi. Ule wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima, watoto wakihesabiwa kama sehemu ya mtu mzima kulingana na umri wao, na ukakuta asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wako chini yake. Angalia walichopima: ni matumizi, wakijumlisha na thamani ya chakula kilicholimwa nyumbani, hawakutegemea mapato. Sababu ni ile niliyokutajia kuhusu wakulima. Fedha huja mara moja kwa mwaka, lakini kaya hula kila siku, kwa hiyo matumizi hueleza hali ya maisha vizuri zaidi. Na hawakusema "wastani wa Mtanzania ni kiasi fulani, basi tuko salama". Walihesabu wangapi hawafiki.

Ukikutana na takwimu yoyote ya mapato, angalia pia ni ya mtu au ya kaya. Sensa ya 2022 ilikuta kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Kaya yenye 400,000 na watu wanne si sawa na mtu mmoja mwenye 400,000, na katika kikundi chenu mwenye 180,000 anayelea watoto watano huenda ana hali ngumu kuliko mwenye 120,000 anayeishi peke yake. Orodha yako haioni hilo, ndiyo maana nasisitiza muwaulize wenyewe wanachoweza.

Kuhusu simu: kama una programu ya jedwali, andika mapato kwenye safu ya B kuanzia mstari wa 2 hadi wa 16, kisha kwenye visanduku vitatu vitupu andika:

```
=AVERAGE(B2:B16)
=MEDIAN(B2:B16)
=MODE(B2:B16)
```

Huna haja ya kupanga namba kwanza, fomula ya mediani hujipangia yenyewe. Ya wastani huruka kisanduku kitupu lakini huhesabu chenye 0, kwa hiyo asiye na kipato akiachwa patupu atakuwa ametolewa kwenye kigawanyo na wastani utapanda bila haki. Ya modi itakuonyesha #N/A kama hakuna namba inayojirudia, na kama zipo modi mbili itakupa moja tu. Namba zikiandikwa na neno "sh" pembeni zitachukuliwa kama maandishi na fomula zitaziruka, na hapo utapata jibu linaloonekana zuri kumbe limehesabu watu 11.

Mkutanoni usisome mapato ya mtu mmoja mmoja. Kikundi chenu ni kidogo, na hata bila majina kila mtu atajua milioni tatu na nusu ni za nani. Soma mediani, soma idadi ya watu katika kila daraja la laki moja, waeleze 420,000 ilitokana na nini, kisha mjadili bei ya hisa.

Hesabu za watu 15 mnazimudu wenyewe. Lakini kama bei ya hisa au idadi ya hisa imeandikwa kwenye katiba yenu, msiibadilishe kwa kukubaliana mdomo. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu ana kwa ana, mkiwa na katiba na muhtasari wa mkutano uliosainiwa. Vikundi kama chenu viko daraja la nne chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 na usajili wake hupitia halmashauri, kwa hiyo mabadiliko yanapaswa kuonekana kwenye kumbukumbu zao. Muoneni pia mapema kama kuna mwanachama aliyekwisha kutozwa faini kwa kushindwa 42,000. Hizo faini zizungumzwe kabla ya mzunguko kuanza, mbele ya mtu asiye na hisa kwenye sanduku lenu.